Kabla ya Kuandika Insha ya Ufadhili: Hesabu Kwanza

Kabla hujaandika sentensi ya kwanza, soma masharti ya mfadhili wa masomo hadi ujue pesa zake anazitoa kwa nini. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hutafuta viongozi: inadai angalau saa 2,800 za kazi, na ukimaliza masomo urudi nyumbani ukae miaka miwili. Commonwealth Shared Scholarship ni ya mtu ambaye kwa uwezo wake asingeweza kusoma Uingereza, naye aeleze nchi yake itafaidika vipi. Ndiyo maana insha inayolilia umaskini tangu mwanzo haifiki mbali kwa Chevening, na ile inayojisifia uongozi peke yake haiwatoshi Shared. Kunakili insha moja kwa wote wawili ni kujipunguzia nafasi kotekote.

Halafu kusanya rekodi za kazi uliyofanya, kwa sababu hapo ndipo insha nyingi zinapolegea. Tuseme mwombaji ni afisa wa afya ya umma Kisumu, mtaa wa Nyalenda, na rasimu yake inasema: "Niliongoza kampeni ya maji safi iliyobadilisha maisha ya jamii." Msomaji wa maombi hana la kushika hapo. Kampeni ilikuwa ya nini? Jamii ni watu wangapi? Nani aliongoza, na kabla ya kampeni hali ilikuwaje? Majibu yamo kwenye daftari la sampuli na ripoti za kila mwezi, kwa hivyo zitafute mapema, hasa kama umehama kituo na nakala zimebaki ofisi ya zamani.

Sasa tazama sentensi hiyo ikiwa imepata rekodi zake: "Kati ya vioski 14 vya maji, 8 vilikutwa na vijidudu vya kinyesi. Nilipanga sampuli zichukuliwe kila wiki mbili na nikawafundisha wauzaji kupima klorini iliyobaki majini, isishuke chini ya miligramu 0.2 kwa lita. Baada ya miezi sita, vichafu vilikuwa 3." Maneno si mengi, lakini kuna mwanzo, kuna alichofanya yeye, na kuna tofauti iliyopimwa. Angalia pia "nilipanga". Sisi tumezoea kusema "tulifanya" kwa adabu, na adabu hiyo humficha mwombaji. Taja wenzako pale walipofanya kazi yao, kisha useme wazi ipi ilikuwa yako.

Vile vioski 3 vilivyobaki usivifiche. Waombaji wengi huvifuta wakidhani vinawaharibia, ilhali ndivyo vinavyobeba hoja ya pesa. Klorini ilitiwa na vipimo vikafanywa, lakini maji bado machafu. Je, uchafu unaingilia kwenye bomba linalopita karibu na vyoo, au kwenye mitungi ya wateja? Afisa huyu hawezi kutofautisha kwa ujuzi alio nao, na kozi anayoiomba inafundisha jambo hilo hasa. Ataje somo kwa jina lake kama lilivyo kwenye mtaala wa chuo, si sifa za chuo. Tena ajibu swali ambalo lazima litaulizwa: Chuo Kikuu cha Maseno, karibu na Kisumu, kina shule ya afya ya umma, kwa nini usisomee hapo? Kuidharau Maseno si jibu. Jibu ni lile somo au maabara ambayo amehakikisha haipo hapa.

Mfadhili akiuliza uwezo wako wa kifedha, fanya hesabu badala ya kueleza taabu. Tuseme karo na matumizi ya mwaka ni shilingi milioni 4, na baada ya kodi ya nyumba na karo ya wadogo zake afisa huyu anabaki na 9,000 kwa mwezi. Hiyo ni 108,000 kwa mwaka, kwa hivyo angehitaji takriban miaka 37 ya kuweka akiba. Sentensi mbili zinatosha. Ukiongeza machozi, unakula nafasi ya maneno ambayo hoja ya vioski ingeitumia.

Cha mwisho ni barua za mapendekezo. Wape wanaokupendekeza ukurasa mmoja wenye takwimu zako wiki tatu au nne kabla ya siku ya mwisho. Wewe ukiandika vioski 14 na msimamizi wako akaandika 20, kila takwimu nyingine kwenye insha itaanza kutiliwa shaka, hata zile za kweli. Kagua wasifukazi vilevile: tarehe, cheo, jina la mradi. Na uhesabu maneno ndani ya kisanduku chenyewe cha fomu, kwa kuwa hesabu yake huweza kutofautiana na ya kompyuta yako.