Ukiacha kulipia Google One: kinachobaki, kinachokwama, na namna ya kushusha picha kabla hujafuta chochote

Mama mmoja wa Magomeni, mpishi wa vyakula vya harusi, alikuja kibandani kwangu na simu mkononi. Mwanawe ndiye aliyekuwa akimlipia Google One kwa kadi yake, sasa kijana ana familia na kasema inatosha. "Fundi, wakiacha kunikata hela, picha zangu za miaka sita si ndiyo zinafutwa?"

Hazifutwi siku hiyo, mama. Ila kuna vitu vinakwama, na watu wengi hupoteza picha zao kwa mikono yao wenyewe katika kuhangaika kupunguza nafasi. Nimeandika hapa tulichofanya kwa siku mbili, maana wiki ile ile wawili wengine walikuja na swali hilo hilo.

Kinachotokea hasa

Ukisitisha, kifurushi kinaendelea mpaka muda uliokwisha kuulipia uishe. Baada ya hapo unarudi kwenye GB 15 za bure, ambazo Gmail, Drive na Google Photos wanagawana. Ukiwa chini ya 15, huoni tofauti yoyote. Ukiwa juu, mlango wa kuingilia unafungwa, wa kutokea unabaki wazi: unaona picha zote, unazishusha, unazifuta, lakini hupandishi mpya. Simu inaacha kuhifadhi picha mtandaoni. Drive haipokei faili.

Linaloumiza kuliko yote ni Gmail, kwa sababu hutumi wala hupokei barua. Anayekuandikia anarudishiwa barua yake, na wewe hujui kama kuna mtu alikuandikia. Kwa mtu anayepokea oda za vyakula kwa baruapepe, hilo si dogo.

Kufutwa kupo, lakini kuko mbali. Kwa sera iliyoanza tarehe 1 Juni 2021, akaunti ikikaa juu ya kiwango kwa miaka 2 bila kupunguzwa, Google wanaweza kuondoa vilivyomo, na hutuma taarifa angalau miezi 3 kabla. Kwa hiyo una muda. Usifute kitu usiku wa manane kwa hofu.

Hatua ya 1: Jua nini kinakula nafasi

Fungua `one.google.com/storage`. Kwa mama tulikuta GB 63: picha na video 41, Drive 14, nakala ya WhatsApp 5, Gmail 3. Alishangaa kuhusu WhatsApp. Kwenye Android nakala hiyo zamani haikuhesabiwa, ila tangu 2024 inahesabiwa, na nafasi ikijaa nayo inaacha kujihifadhi.

Hatua ya 2: Shusha picha zote kwenye diski yako

Hapa ndipo patamu, na hapa ndipo niliwahi kupoteza Jumamosi nzima.

Usishushe picha moja moja kwa simu. Tumia laptopu, ingia `takeout.google.com`, bonyeza `Deselect all`, kisha weka tiki kwenye Google Photos peke yake. Kabla ya kuendelea, bonyeza `All photo albums included`. Utaona mafolda ya miaka, mfano `Photos from 2019`, na chini yake albamu ulizojitengenezea. Picha iliyo ndani ya albamu inakuja mara mbili, ndani ya folda ya mwaka na ndani ya albamu. Mimi huacha miaka tu na kuondoa tiki kwenye albamu. Unapoteza mpangilio wa albamu, ni kweli, lakini kwa bando zetu sioni sababu ya kushusha harusi moja mara mbili.

Ukiulizwa mzigo upelekwe wapi, chagua kiungo cha kushushia kinachotumwa kwa barua. Usichague `Add to Drive`. Faili zile zitakaa ndani ya nafasi ile ile unayojaribu kuipunguza, na zikikosa pa kukaa, zoezi linakwama.

Halafu saizi. Utachagua kila kipande kiwe na GB ngapi, kuanzia kidogo cha GB 1 mpaka 50. Kwa hotspoti ya simu chagua GB 2, maana kipande kikikatika umepoteza kidogo, na kila kipande unaruhusiwa kukishusha mara 5 tu. Kwa faiba chagua GB 10. Za mama tulizishushia ofisini kwa rafiki yangu Sinza, vipande vitano. Kiungo kinaishi kama wiki moja, kwa hiyo usiombe mzigo leo ukiwa na safari ya mkoani kesho. Kutayarishwa kwenyewe kunaweza kuchukua saa kadhaa, hata siku.

Kipande kinachozidi GB 4 hakikai kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, na flashi nyingi ndogo ndivyo zinavyokuja. Kompyuta itakwambia faili ni kubwa mno, wakati wewe unaona nafasi tele. Ifomati kwa exFAT kwanza. Na kama flashi ni ya bei ya kutupa, ipime kwa programu ya H2testw kabla ya kuiamini. Zipo zinazojitangaza GB 128 huku ndani zina 16. Inapokea picha bila kulalamika, na siku ya kuzifungua hazifunguki. Mimi kwa kazi hii situmii flashi kabisa, nataka diski ya ekstenali, hata ya mitumba iliyopimwa.

Sasa Jumamosi yangu. Mara ya kwanza kufanya hivi, kwa picha za nyumbani kwetu, nilifungua kila zip kwenye folda lake. Nikakuta kila picha ina kijifaili pembeni, kinaishia na `.json`. Nikaona ni takataka, nikavitafuta vyote nikavifuta. Kisha nikapanga picha kwa tarehe, na picha za msiba wa babu wa 2016 na za Idi ya juzi zote zikasoma tarehe ya siku ile.

Sababu ni hii. Picha iliyopigwa na kamera ya simu hubeba tarehe yake ndani, hiyo haina shida. Lakini picha zilizopita WhatsApp huwa zimevuliwa tarehe hiyo, na zile ulizozirekebisha tarehe kwa mkono ndani ya Google Photos, marekebisho hayo yanakaa kwenye json, hayakai ndani ya picha. Faili lenyewe kwenye kompyuta huonyesha tarehe nyingine, siyo ya siku picha ilipopigwa. Ukifuta json, umefuta kumbukumbu ya tarehe. Ilinibidi niombe mzigo upya.

Kwa hiyo fungua vipande vyote ndani ya folda moja, kwa pamoja. Picha inaweza kuwa kipande cha 2 na json yake kipande cha 3, ndiyo maana ukivitenganisha havioani. Zikishakaa pamoja, tengeneza nakala ya folda, ufanyie kazi kwenye nakala. Sakinisha exiftool, programu ya kuandika tarehe ndani ya picha, kisha andika hivi kwenye dirisha la amri:

```
exiftool -r -d %s -tagsfromfile "%d%F.supplemental-metadata.json" "-AllDates<PhotoTakenTimeTimestamp" "-FileModifyDate<PhotoTakenTimeTimestamp" -overwrite_original -ext jpg Takeout
```

Amri hii inasoma tarehe kwenye json na kuiandika ndani ya kila jpg. Kwenye mizigo ya zamani json huitwa `.json` tu bila lile neno refu, kwa hiyo angalia yako inaishiaje ndipo uandike. Na jina la picha likiwa refu sana, jina la json hukatwa katikati, exiftool haiioni na inalalamika haijapata faili. Hizo huwa chache, wala usihangaike nazo. Picha za WhatsApp zenyewe zina tarehe kwenye jina: `IMG-20190314-WA0003.jpg` ni ya tarehe 14 Machi 2019.

Hatua ya 3: Hakiki

Fungua video tatu nne kutoka kila mwaka, uzipeleke mbele mpaka mwisho. Zip iliyokatika njiani mara nyingi hufunguka nusu, na video ndiyo inayokuonyesha. Kisha hesabu mafolda ya miaka. Kwa mama lilikosekana la 2021. Kumbe kipande cha nne kilikatika tukadhani kimeisha. Saizi yake ndiyo iliyomsaliti: wenzake watatu wa mwanzo walikuwa karibu na GB 10, chenyewe kilikuwa na sita na ushee.

Hatua ya 4: Punguza

Kabla ya kugusa kitufe cha kufuta, unganisha simu kwa waya, unakili folda la `DCIM` kwenye ekstenali vilevile. Kisha zima `Backup` ndani ya Google Photos. Sababu ni kwamba ukiwa umeiwasha, picha unayofuta kule juu inaondoka na kwenye simu, na wengi hudhani wanafuta sehemu moja.

Kuna jambo jingine. Kama uliwahi kubonyeza `Free up space`, simu ilishafuta nakala zake yenyewe. Unaona picha kwenye kioo lakini hazimo ndani. Weka simu kwenye hali ya ndege ufungue picha ya zamani. Ikibaki na ukungu bila kutakata, hiyo iko mtandaoni tu. Mama alikuwa hivyo kwa picha zote za kabla ya 2023.

Picha ulizofuta zinakaa kwenye pipa siku 60, ndiyo nafasi yako ya kujirudi. Pipa la Drive ni siku 30 na linahesabiwa kwenye nafasi, kwa hiyo limwage. Kwenye Gmail tafuta hivi, futa, kisha mwaga pipa:

```
has:attachment larger:10M
```

WhatsApp tuliondoa video kwenye nakala, GB 5 zikawa 2. Picha akabakiza za mwaka huu tu, GB 4, Drive 2, Gmail 3. Jumla 11.

Hatua ya 5: Sitisha

`one.google.com`, Settings, `Cancel membership`. Kufuta programu ya Google One kwenye simu hakusitishi malipo. Kama kifurushi kiligawiwa kwa familia, wote mnarudi kwenye 15 zenu kila mtu na yake, kwa hiyo waambie wenzako kabla.

Na muziki na filamu?

Huku hakuna cha kuhangaikia sana. Spotify ukiacha Premium, orodha zako na nyimbo ulizopenda zinabaki, kinachopotea ni zile ulizoshusha za kusikiliza bila bando. Faili zake hazikuwa zako tangu mwanzo, hata ukizikuta kwenye simu hazichezeki kwingine. YouTube Premium ni hivyo hivyo. Netflix wao hutunza historia na wasifu wako kwa muda baada ya kusitisha, ukirudi ndani ya muda huo unakuta vyote. Ukitaka orodha ya ulivyotazama, ichukue ukiwa bado umejiunga: fungua wasifu wako kwenye kivinjari, `Viewing activity`, shuka mpaka chini, `Download all`.