SOMO: Umeumia kazini? Usikubali ipite kama ED, yaani likizo ya ugonjwa ya kawaida

Wakuu, hii ni kwa walioajiriwa Tanzania Bara, maana Zanzibar wana utaratibu wao. Mtu anakatwa na mashine, bosi anamwambia "nenda hosipitali, pumzika, mshahara utaingia kama kawaida", jamaa anafurahi kabisa kumbe ndo ameshapotezwa hivyo.

Kwa nini anafurahi? Kwa sababu likizo ya ugonjwa kwa sheria ya ajira ya 2004 kwa macho inaonekana tamu. Ni siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza mshahara wote, 63 zinazofuata nusu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, ukiwa huwezi kufanya kazi kwa muda wanalipa asilimia 70 ya mshahara. Sasa nani atakimbia mia akachukue sabini?

Piga hesabu uone. Chukulia fundi wa karakana ya mbao, mshahara 500,000, msumeno umemla vidole viwili. Akienda kwa likizo ya ugonjwa, miezi miwili ya kwanza anapata milioni moja, miwili inayofuata laki tano, jumla milioni moja na nusu halafu basi, siku zimeisha. WCF ni 350,000 kila mwezi, kwa miezi minne 1,400,000, kwa hiyo hadi hapo wanakaribiana. Ila mwezi wa tano na wa sita likizo inasoma sifuri wakati mfuko unaendelea hadi miezi 24 kama daktari anasema bado hajapona. Halafu kuna matibabu, mfuko unalipa. Na vile vidole havioti tena, huo ni ulemavu wa kudumu: daktari akitathmini asilimia 30 kushuka chini analipwa mkupuo, ikizidi 30 ni pensheni ya kila mwezi. Likizo ya ugonjwa haina kitu kama hicho hata senti.

Na usidhani utakula kote kote. Sheria inasema mwajiri halazimiki kukulipa likizo ya ugonjwa kama malipo hayo unayapata kwenye mfuko.

Sasa hatua.

Kwanza, mwambie msimamizi siku hiyo hiyo. Sheria inaruhusu kwa mdomo au maandishi, ila mdomo una tabia ya kusahau, tuma hata meseji yenye tarehe, saa, mahali, ulikuwa unafanya nini na nani alikuwepo.

Pili, hosipitali mwambie daktari umeumia kazini na hakikisha ameandika hivyo. Hapa ndo wengi wanaangukia, cheti kinasoma "jeraha la mkono" tu, baada ya miezi minane nani atajua ulijikata jikoni kwako au kazini? Kama ni ajali ya barabarani ukiwa kazini, PF3 na ripoti ya polisi ni lazima uwe nazo.

Tatu, mwajiri ana siku 7 tangu apate habari ya ajali awe ametoa taarifa WCF. Ugonjwa uliotokana na kazi ni siku 14. Siku hizo ni zake sio zako, ila we muulize, omba kopi.

Nne, hii ndo yako: miezi 12 tangu ajali, au tangu ugonjwa ugundulike, au kifo kitokee, dai liwe limeshafika. Ukipitisha haki inakufa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu mi nina miezi mitatu tu kazini, tena kibarua bila mkataba wa karatasi, nimo?
Jibu: Umo. Chini ya miezi sita likizo ya ugonjwa yenye malipo ndo kwa kawaida huna, fidia haina sharti hilo, na mkataba wa mdomo ni mkataba. Tafuta ushahidi kuwa ulikuwa unafanya kazi pale, malipo ya simu, daftari la mahudhurio, wenzako.

Swali: Bosi anasema ananikata mshahara kuchangia huo mfuko, ni sawa?
Jibu: Si sawa hata kidogo. Mchango wa WCF ni wa mwajiri peke yake, haruhusiwi kuutoa kwako.

Swali: Nilianguka na bodaboda nikienda kazini asubuhi, inahesabika?
Jibu: Bodaboda yako mwenyewe ni ngumu kaka. Ingekuwa gari alilotoa mwajiri bure kubeba wafanyakazi, hapo inahesabika.

Swali: Dada yangu aliumia mwezi wa tisa uliopita, kampuni imekataa kuripoti, wanasema alizembea mwenyewe.
Jibu: Aende ofisi ya WCF mwenyewe, asisubiri kampuni. Uzembe wa kawaida haufuti fidia, sheria inazungumzia utovu mkubwa wa makusudi, na hata huo ukisababisha ulemavu mkubwa au kifo bado unalipwa. Abebe cheti cha hosipitali, eksirei, salari slipu na hizo meseji, na aende wiki hii maana miezi 12 inahesabika tangu siku ya ajali, haisubiri bosi akubali.