Figo linavyotoa asidi na kutengeneza baikaboneti mpya

Wanafunzi wa uganga wa hapa Tanga, mnaniuliza kila mara figo hutoaje asidi na baikaboneti ipi ndiyo mpya, basi naandika mara moja. Swali likirudi, nitakuelekeza hapa hapa.

Mfano wetu ni mtu mzima wa kilo 70. Chakula humwachia takriban milimoli 70 za asidi kwa siku, asidi isiyotoka kwa pumzi.

1. Figo hurudisha damuni baikaboneti iliyochujwa, ile inayozima asidi ya damu. Lita 180 zinazochujwa kwa siku mara milimoli 24 kwa lita ni milimoli 4,320, na karibu yote hurudi.

2. Hapa ndipo mnapopotea. Seli za figo humwaga H⁺, yaani asidi yenyewe, ndani ya mrija wa figo, H⁺ hukutana na baikaboneti iliyochujwa, kisha baikaboneti moja huingia damuni. Mnaandika "mpya". Si mpya! Moja imetoweka mrijani, moja imeingia damuni, na hakuna asidi iliyotoka. Huwa mpya pale tu H⁺ inapobebwa na kitu kingine hadi nje. Wala msiseme H⁺ itatoka peke yake: pH ya mkojo haishuki chini ya 4.5 hivi, na hapo lita moja hubeba milimoli 0.03 tu. Kutoa 70 kungetaka zaidi ya lita 2,000 za mkojo.

3. Mbebaji wa kwanza ni fosfeti: HPO₄²⁻ hupokea H⁺ ikawa H₂PO₄⁻. Hubeba kama milimoli 30 kwa siku, na haiongezeki sana kwa sababu hutegemea kiasi kilichochujwa.

4. Mbebaji wa pili ni amonia: seli za mrija wa mwanzo huvunja glutamini, zikapata NH₄⁺ mbili, yaani amonia iliyobeba H⁺, na baikaboneti mbili. NH₄⁺ lazima itoke na mkojo. Ikirudi damuni, ini huigeuza yurea na kuitumia baikaboneti ile ile, faida ikapotea. Kwa kawaida hutoka kama milimoli 42 kwa siku. Asidi ikidumu siku kadhaa, inaweza kupita 200.

Hesabu ya siku: 30 za fosfeti + 42 za NH₄⁺, toa 2 za baikaboneti zilizopotea mkojoni, ni 70. Hizo 70 ndizo mpya.

Maswali

— Kwa hiyo zile 4,320 ndizo mpya?
— Soma namba 2.

— Kaka, mgonjwa anaharisha siku nyingi, damu ina asidi, ila pH ya mkojo ni 6. Figo limeshindwa?
— Swali zuri, dada. Si lazima. Amonia ikiwa nyingi hudaka H⁺ huru, pH ikapanda ingawa asidi inayotoka ni nyingi. Pima chumvi za mkojo, tuseme umepata sodiamu (Na) 20, potasiamu (K) 15, kloridi (Cl) 80. 20 + 15 − 80 ni −45. Kloridi hiyo ya ziada inasafiri na NH₄⁺, kwa hiyo figo linafanya kazi. Jibu likiwa chanya, shuku figo. Ila kama mkojo una ketoni nyingi, kipimo hiki hudanganya.

— Na figo likichakaa?
— Seli za kutengeneza amonia hupungua, asidi hubaki mwilini. pH ya mkojo inaweza kuwa 5 hata hivyo, usiiamini.

— Machungwa ya Muheza yanaongeza asidi?
— Kinyume chake. Sitreti yake ikichomwa mwilini huacha baikaboneti. Lakini mgonjwa wa figo asiyajaze: yana potasiamu.

— Naomba muhtasari wa mtihani.
— Ndio huo hapo juu.