Kabla ya Usaili: Kupima Wasifu wa Afisa Ruzuku

Usianze na wasifu. Anza na tangazo lako mwenyewe la kazi. Andika pembeni limeomba nini hasa: afisa alete kiasi gani cha fedha kwa mwaka, kutoka kwa wafadhili wa aina gani, na je, ni wapya au ni wale mlio nao tayari. Hilo la mwisho matangazo mengi hulisahau, na ndilo linaloleta ugomvi baadaye, kwa sababu kumvuta mfadhili asiyewajua na kumtunza aliyepo ni kazi mbili tofauti.

Tuseme tangazo linataka dola 600,000 kwa mwaka kutoka kwa wafadhili wapya, hasa taasisi binafsi za ufadhili. Mezani kuna wasifu unaosema: "Nimepata dola milioni 2.4 kwa miaka 3, maandiko yangu ya kuomba ruzuku yamefaulu kwa asilimia 60." Ukigawa kwa tatu unapata 800,000 kwa mwaka, na mkono unaanza kuandika barua ya ajira. Subiri kwanza.

Kabla ya siku ya usaili, mwombe mwombaji mchanganuo mfupi: kila ruzuku iliingia mwaka gani, ni ya mfadhili wa aina gani, ilikuwa mpya au ya kuendeleza, asasi yake ilipokea kiasi gani, na yeye alifanya nini. Majina ya wafadhili si lazima. Mengine ni siri ya mwajiri wake, na anayeyamwaga ovyo leo atayamwaga ya kwenu kesho.

Mchanganuo unakuja. Dola milioni 1.5 ni mikataba 5 ya kuendeleza, yote ya mfadhili mmoja wa serikali aliyekuwepo kabla yake. Dola 500,000 ni mradi wa ubia ulioongozwa na shirika jingine, na mgawo wa asasi yake ulikuwa 120,000 tu. Zinabaki 400,000 kutoka taasisi binafsi 6, zote mpya. Hakuna uongo hapo. Kuendeleza mkataba wa serikali kunadai taarifa za fedha zisizo na dosari, na hiyo si kazi ndogo. Ila tangazo lako halikuomba hilo. Kinacholingana nalo ni zile 400,000, yaani kama 133,000 kwa mwaka.

Sasa hiyo asilimia 60. Alituma maandiko 20, yakafaulu 12. Toa yale 5 ya kuendeleza, ambayo hayakuwa na mshindani, utoe na lile la ubia. Zinabaki taasisi mpya: maandiko 14, yaliyofaulu 6, yaani asilimia 43. Bado ni kiwango kizuri. Kwa kweli, mimi hushtuka zaidi nikiona asilimia 90, kwani mara nyingi huyo alituma machache, au alituma tu pale alipokwisha kualikwa.

Hakikisha pia kilichohesabiwa ni nini. Andiko linalosubiri jibu lisiwekwe kwenye hesabu. Halijashinda wala kushindwa. Tena kuna wafadhili wanaochuja kwa hatua mbili. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, katika baadhi ya miito yake hutaka kwanza andiko fupi la wazo, na wanaopita ndio wanaoalikwa kuleta andiko kamili. Anayehesabu maandiko kamili peke yake ameshakuacha nje kushindwa kwingi.

Fanya hesabu moja zaidi kabla hujamwita. Ruzuku zake 6 zina wastani wa dola kama 67,000. Ili afikishe 600,000 kwa ukubwa huo anahitaji ruzuku 9 kwa mwaka, na kwa kiwango cha asilimia 43 lazima atume maandiko kama 21. Huko alikotoka alikuwa akituma kama 5 kwa mwaka kwa wafadhili wa aina hiyo. Basi si suala la kipaji. Ama apate msaidizi na mtu wa kuandaa bajeti, ama aelekezwe kwa wafadhili wanaotoa ruzuku kubwa zaidi, ama lengo la tangazo lishushwe. Ukiwalinganisha waombaji wengine kwa hesabu hii hii, huenda ukakuta hakuna hata mmoja anayelifikia, na hapo tangazo ndilo lenye kasoro.

Akija kwenye usaili, mwombe azungumzie andiko moja kati ya yale 8 yaliyokataliwa, achague mwenyewe lipi. Muulize nani aliandika sehemu gani, mfadhili alitoa sababu gani, na alibadilisha nini katika andiko lililofuata. Aliyeandika kwa mkono wake atakumbuka hata mstari wa bajeti uliolalamikiwa. Aliyekuwa akikusanya tu viambatisho ataendelea kusema "tuliandika", "tulituma", mpaka umuulize yeye binafsi alikuwa wapi.