SOMO: Levo za opsheni kwa mabroka wa Marekani, kila levo inaruhusu nini na unapandaje

Wakuu, hii naiweka hapa mara moja, akija mtu tena inbox namtumia linki basi. Swali ni lile lile kila wiki, "mbona mwenzangu anauza puti na mimi kitufe kimefifia, na wote tuko broka mmoja?" Jibu ni levo. Naongelea Marekani tu maana ndiko akaunti zenu ziliko.

Kwanza, levo hazijawekwa na serikali. Kanuni namba 2360 ya FINRA, chombo kinachosimamia mabroka, inamlazimisha broka akuulize mambo yako (umri, kazi, kipato, mali, uzoefu, lengo lako) na msimamizi aliyesajiliwa aidhinishe akaunti kabla hujagusa opsheni. Basi. Ngazi ziwe ngapi na ziitwe nini broka anajipangia mwenyewe. Ndio maana Schwab wanaanzia 0 mpaka 3, Robinhood utakutana na Level 2 na Level 3, Fidelity wao wanasema Tier. Kwa hiyo mtu akikwambia "mi niko levo 2" hajakwambia kitu mpaka ataje broka.

Ila mpangilio kwa wengi unafanana. Chini kabisa unauza koli ukiwa na hisa zako 100 tayari, au unauza puti huku hela yote ya kununua hizo hisa imekaa kwenye akaunti. Juu yake unaruhusiwa kununua koli na puti. Juu yake tena spredi, yaani unauza moja na kununua nyingine ya kukukinga. Kileleni kuuza uchi, yaani umeuza na nyuma yako hakuna hisa wala keshi kamili. Wengine wanaziunganisha mbili za chini zinakuwa moja.

Hapo watu wanachanganyikiwa, wanadhani levo zinapima hatari ya hela yako. Hapana. Ukinunua puti ya dola 120 huwezi kupoteza zaidi ya 120, ukiuza puti yenye keshi unaweza kupoteza maelfu, na bado kuuza ndiko kuko chini. Broka anajiuliza swali moja tu: mambo yakiharibika, nani atalipa? Kama hela iko tayari kwenye akaunti, yeye hana presha.

Mfano mmoja, tuchukue puti ile ile. Hisa iko dola 50, unauza puti ya straiki 45, unapewa 1.20 kwa hisa, yaani dola 120 kwa kontrakti.

Levo ya chini: broka anafungia dola 4,500 zako, hizo 120 ulizolipwa zinahesabiwa humo. Hisa ikifika sifuri umepoteza 4,380 lakini zote zilikuwepo.

Levo ya spredi: unauza hiyo 45, unanunua ya 40 kwa 0.40. Unabaki na dola 80. Tofauti ya straiki ni 5, mara 100 ni 500, toa 80, anakushikia 420.

Levo ya juu, uchi: asilimia 20 ya thamani ya hisa (1,000) toa umbali wa straiki (500) jumlisha primiamu (120), inakuja 620. Hicho ni kiwango cha chini cha kanuni, broka anaruhusiwa kudai zaidi na wengi wanadai, na kinapanda kila siku hisa ikishuka. Umeweka 620 lakini deni linaweza kufika maelfu. Hilo pengo ndilo linalomtisha broka, na ndilo levo inapima.

Sasa kupanda.

1. Sahihisha profaili yako kwanza, kazi na kipato viwe vya sasa, sio vya mwaka uliofungua akaunti.

2. Ukitaka spredi omba akaunti ya mkopo, kwenye skrini imeandikwa Margin, na uwe na angalau dola 2,000 ndani. Bila hiyo usijisumbue na hatua ya 3.

3. Fomu ya opsheni. Hapa ndipo watu wanakwama na ndipo maswali yote yanatoka, someni taratibu. Fomu haisomwi kisanduku kimoja kimoja, inasomwa yote pamoja, na kitu kinachoangusha watu wengi sio mshahara mdogo, ni majibu yasiyokubaliana. Chukua dereva wa lori, mshahara 62,000 kwa mwaka, akiba 9,000, ana nyumba. Kwenye Investment Objective amechagua Income kwa sababu nani hapendi kipato, uzoefu ameweka None, halafu ameomba levo ya juu kabisa. Anakataliwa, analalamika ubaguzi. Jamani, umesema unataka kipato cha utulivu na hujawahi kugusa opsheni halafu unaomba kuuza uchi, ungekuwa wewe msimamizi ungesaini? Huyo huyo akiomba levo ya kununua, akafanya biashara ndogo ndogo halisi kwa miezi kadhaa, halafu akarudi na uzoefu wa kweli, lengo limeandikwa Speculation kwa sababu ndicho anachofanya, na akaomba spredi tu sio kileleni, mara nyingi anapita na mshahara ule ule.

Tahadhari za hatua hii: Liquid Net Worth ni hela unayoweza kuitoa haraka, nyumba haimo, gari halimo. Usiombe levo mbili kwa mpigo. Na ukikataliwa USIRUDI usiku huo huo na mshahara umeota kutoka 40,000 hadi 140,000, fomu ya zamani haifutiki, wanaziona zote mbili. Kuna watu walikuwa wanapita na majibu ya ajabu zamani, ni kweli, mwaka 2021 FINRA waliipiga Robinhood faini ya dola milioni 57 pamoja na fidia ya kama milioni 12.6 kwa wateja, na moja ya makosa ilikuwa kuachia programu iidhinishe akaunti za opsheni hata pale majibu yalipopingana, kijana chini ya miaka 21 anasema ana uzoefu wa zaidi ya miaka mitatu na anapita. Tangu hapo msitegemee uzembe huo. Halafu fomu umeisaini wewe, ukija kumdai broka kwenye usuluhishi kwamba alikupa levo usiyostahili, karatasi ya kwanza mezani ni hiyo.

4. Subiri. Ukikataliwa piga simu uulize ni kisanduku gani, wanasema.

Maswali chini.

kijana_dallas: Kaka asante, kwa hiyo nikitaka spredi nafanyaje?

Mwandishi: Hatua ya 1 mpaka 4. Ziko juu.

kijana_dallas: Ndefu mkuu, we nitajie tu mshahara gani wanakubali niandike

Mwandishi: Andika unaolipwa. Hakuna namba ya siri, na ingekuwepo nisingekupa.

Bi Mwanaidi: Samahani mdogo wangu, mimi hela yangu iko kwenye IRA, hiyo ya kustaafu. Levo zinafanya kazi humo pia? Nasoma naona kama umeongelea akaunti za kawaida tu.

Mwandishi: Shikamoo dada, swali zuri na nililiruka. Zinafanya kazi ila dari liko chini. IRA hairuhusiwi kukopa, kwa hiyo koli za uchi hazipo kabisa hata uwe tajiri vipi. Koli juu ya hisa zako na puti yenye keshi zipo kwa mabroka wengi. Spredi baadhi wanaruhusu, unaomba kitu kinaitwa limited margin, ambacho sio mkopo, kinawawezesha tu kushikilia spredi na kutumia hela ya mauzo kabla haijatulia. Kwa IRA mimi ningebaki kwenye koli juu ya hisa, lakini hiyo ni tabia yangu.

Bi Mwanaidi: Marahaba, asante sana. Na lile neno Speculation likinikaa kwenye hela ya uzeeni si litaniharibia?

Mwandishi: Lengo linabeba akaunti nzima, ndio. Kwa levo ya chini kabisa kwa kawaida hulihitaji. Kwa akaunti ya kawaida, watu wengi wanafungua ya pili ya opsheni peke yake, ile ya kwanza inabaki na lengo lake.

Mkalla: Mkuu hapo kwenye spredi umesema anashikilia 420, yaani hasara mwisho 420. Mbona shemeji yangu alipoteza zaidi ya hiyo na alikuwa na spredi kama hiyo hiyo?

Mwandishi: Nilikuwa nasubiri mtu aulize hili. 420 ni kweli kama miguu yote miwili iko hai. Sasa Ijumaa ya mwisho hisa inafunga 43. Puti yako uliyouza ya 45 iko ndani ya hela, na OCC, shirika linalokamilisha mikataba ya opsheni, inatekeleza yenyewe chochote kilichoingia ndani hata kwa senti moja, kwa hiyo unapewa hisa 100 kwa 4,500. Ile ya 40 uliyonunua imekufa bila thamani maana 43 iko juu ya 40. Wikiendi nzima una hisa bila kinga. Jumatatu inafungua 38, umepoteza 700 kwenye hisa, toa 80 zako, ni 620. Na kama akaunti ilikuwa na 2,000 tu unapigiwa uongeze hela au wanakuuzia. Hii ndiyo sababu spredi haiko levo ya chini. Dawa yake: funga spredi kabla ya Ijumaa saa kumi jioni ya New York, usingoje iishe yenyewe kisa umebakiza dola 10.

Mkalla: Aisee. Ndio maana broka wake alikuwa anamfungia mchana mwenyewe na yeye anawatukana.

Mwandishi: Walikuwa wanajilinda wao, ila safari hiyo walimlinda na yeye. Bei wanayokufungia lakini huwa mbaya, bora ufunge mwenyewe.

nairobi_254: Mimi niko Kenya sio Marekani, levo zinanihusu?

Mwandishi: Ukiwa na broka wa Marekani anayepokea Wakenya, Interactive Brokers kwa mfano, fomu ni ile ile ya uzoefu na mali, unaongeza W-8BEN ya kodi. Mali andika unayoweza kuithibitisha.

Mkalla: Na zile opsheni za indeksi, XSP, nazo zinakupa hisa Ijumaa?

Mwandishi: Hapana, zile zinalipana kwa keshi na hazitekelezwi kabla ya siku yake, kwa hiyo lile la Jumatatu halipo. Levo unayohitaji ni ile ile ya spredi. Ila angalia nafasi kati ya bei ya kununua na ya kuuza kwenye XSP, ikiwa pana tumia limit, usibonyeze market.