Spredishiti kwa kompyuta nane na wanafunzi 32: alama ya dola ianzie kwenye karatasi

Mimi somo hili silianzii kwenye kompyuta kabisa, maana mkiingia chumbani wanne wanne kwa mashine moja mmoja ndo anafanya, watatu wanaangalia tu. Nawagawa wawili wawili, napata jozi 16, nane ziko kwenye mashine na nane zinaandaa karatasi, baada ya dakika 25 wanabadilishana.

Hatua ya 1, karatasi. Kila jozi ichore jedwali, herufi A mpaka E juu, namba 1 mpaka 6 pembeni. Majina kwenye A, alama kwenye B kuanzia B2: 28, 34, 22, 18, 30. Kwenye E1 waandike 40, yani jumla ya mtihani. Asilimia wapige kwa mkono na waziandike pembeni: 70, 85, 55, 45, 75. Hapo usiwaruhusu waruke, kwa sababu hayo majibu ndo yatakayowaonyesha mashine ikikosea.

Hatua ya 2, bado karatasi. Kwenye C2 waandike hii:

```
=B2/E1*100
```

Halafu uliza, nikiiburuta chini C3 itasomekaje? Wengi wataandika B3 ila E1 wataiacha vilevile, usiwasahihishe, waache waende nayo.

Hatua ya 3, kompyuta. Mmoja anachapa, mwenzake anasoma karatasi na haruhusiwi kugusa mausi, anaelekeza kwa mdomo tu: "nenda B4, andika 22." Wakifika mstari wa 4 wanabadilishana viti. Wakiburuta fomula, C2 inatoa 70 vizuri, kuanzia C3 kushuka inatokea `#DIV/0!`. Waambie wabofye C3 waisome, watakuta `=B3/E2*100`, na E2 haina kitu, kwa hiyo 34 inagawanywa kwa sifuri. Wape muda hapa, mwanafunzi akiiona mwenyewe ile E2 hutahitaji maelezo marefu, dola inafunga seli isihame:

```
=B2/$E$1*100
```

Waiburute tena, walinganishe na karatasi mstari kwa mstari.

Kuna jozi itapata `#VALUE!` kwenye mstari mmoja tu. Mara nyingi mtu kaandika 3O kwa herufi O badala ya sifuri, na utaijua haraka maana namba zinakaa kulia kwenye seli, hiyo imekaa kushoto kama jina.

Hatua ya 4, kabla hawajaachia mashine wabadilishe E1 iwe 50. C2 lazima ishuke mpaka 56 na C3 mpaka 68. Jozi ambayo majibu yake hayajasogea wamechapa 40 ndani ya fomula badala ya kutaja E1, hao warudishe C2 kabla ya kuwapisha wenzao.