Kutoka oda ya madawati hadi oda ya paipu: kupanga mahitaji ya karakana ndogo

Tuchukue karakana ya madawati ya shule, yale ya watu wawili yenye fremu ya chuma na mbao. Mteja anataka madawati 120 Jumatatu ya wiki ya 8, na leo ni wiki ya 1. Wengi huzidisha kila kitu kwa 120, wakapeleka orodha dukani. Matokeo yake hela inalala stoo kwa sura ya paipu, huku bolti zikipungua.

Hatua ya 1: Andika dawati kwa ngazi

Usiandike orodha moja ndefu. Dawati lina fremu 1, ubao wa juu 1, ubao wa kukalia 1 na bolti 8. Shuka ngazi moja: fremu ina vipande 4 vya paipu mraba vya mita 1.1, vipande 4 vya mita 0.7, na bolti 4 za kuunganisha pande zake mbili. Rangi na vijiti vya kuchomelea mimi siviingizi humu. Vikikaribia kuisha rafuni, naagiza.

Hatua ya 2: Toa akiba kwanza, ndipo ushuke

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Stoo kuna madawati 10 yaliyokamilika, kwa hiyo ya kutengeneza ni 110. Yanahitaji fremu 110, lakini fremu 30 zimeshachomelewa na kupakwa rangi. Zinabaki 80, na paipu zinahesabiwa kwa hizo 80 tu.

Paipu moja ina mita 6. Fremu moja inakula mita 7.2, kwa hiyo kwa kugawanya utapata paipu 96. Usiamini. Vipande havigawanyiki kama maji. Ukikata vipande 4 virefu na 2 vifupi kwenye paipu moja, kinabaki kipande cha sentimita 20 cha kutupa. Paipu 80 zitatoa virefu vyote 320 na vifupi 160. Vifupi 160 vilivyobaki vinataka paipu 20, vinane kwa kila moja. Jumla 100. Fundi akikata virefu peke yake na vifupi peke yake, zitaenda 104.

Stoo kuna paipu 18, na nyingine 20 zimeshaagizwa, zitaingia wiki ya 4. Nunua 62. Aliyezidisha kwa 120 bila kutoa madawati na fremu zilizopo angenunua 112.

Kwenye Excel, weka mahitaji kwenye B, yaliyopo stoo kwenye C, yanayokuja kwenye D na ukubwa wa pakiti kwenye F. Hesabu ya kwanza iingie E2, ya pili G2:

```
=MAX(0,B2-C2-D2)
=CEILING(E2,F2)
```

Hatua ya 3: Kitu kinachotumika ngazi mbili kihesabiwe mwisho

Bolti ziko kwenye dawati na kwenye fremu. Ukitoa bolti 240 za stoo ulipokuwa kwenye dawati, kisha ukazitoa tena kwenye fremu, umetumia akiba ileile mara mbili, na utapungukiwa na 240 siku ya kufunga. Subiri ngazi zote za juu ziishe: madawati 110 yanataka 880, fremu 80 zinataka 320, jumla 1,200. Toa 240, zinabaki 960. Zinauzwa boksi la 100, kwa hiyo maboksi 10, na zitasalia 40.

Hatua ya 4: Rudi nyuma kwenye kalenda

Kufunga madawati ni wiki 1, kwa hiyo oda hiyo ya uzalishaji inaanza wiki ya 7. Fremu zinachukua wiki 2 pamoja na rangi kukauka, zinaanza wiki ya 5. Paipu zinafika wiki 1 baada ya kuagizwa: oda ya manunuzi itoke wiki ya 4. Mbao 220 zilizopigwa randa zinachukua wiki 4 na zinatakiwa wiki ya 7, kwa hiyo agiza wiki ya 3. Bolti huchukua wiki 2. Zingetakiwa wiki ya 7 peke yake ungetulia, ila fremu zinataka 320 wiki ya 5 na stoo kuna 240. Nazo agiza wiki ya 3.

Ukipata wiki ya 0 au hasi, mpango hauwezekani. Usilazimishe tarehe kwenye jedwali. Tafuta muuzaji wa karibu au zungumza na mteja mapema.

Mteja akiongeza oda

Tuseme wiki ya 4 mteja anaongeza madawati 20. Paipu hazijaagizwa, ongeza 25. Bolti 240 zaidi: toa zile 40 za ziada, agiza maboksi 2, yataingia wiki ya 6, kabla ya kufunga. Fremu 20 za ziada zikiingia kwenye foleni ileile, fundi ataongeza masaa. Kikwazo ni mbao: ukiagiza wiki hiyo ya 4 zinafika wiki ya 8, wiki moja baada ya kuhitajika. Mwambie mteja madawati 120 yanafika kama tulivyokubaliana, na hayo 20 wiki ya 9.